Nukta Haina Mizani

Mzozo wa nukta na herufi kubwa katika ujumbe wa simu umezoeleka kujadiliwa kama mzozo wa adabu. Mzazi husema kijana ameiharibu lugha, kijana husema mzazi haijui simu, kisha kila mmoja hurudi kwenye kioo chake akiamini kuwa ameshinda. Kwa maoni yangu, wote wawili huwa wamelianza jambo mahali pasipo pake. Alama ya uandishi ni mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi maalumu, na swali la haki la kumuuliza ni moja tu: hapa ulipo, unafanya kazi gani? Pale ambapo kazi hiyo imekwisha kufanywa na kitu kingine, alama na ipumzike. Pale ambapo hakuna mwingine wa kuifanya, anayeiondoa alama huiondoa na maana.

Nimeufikia msimamo huo kwa kubishana na binti yangu mwenye umri wa miaka 16, jioni kadhaa mfululizo. Nayasimulia mabishano yetu hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hoja zake zinawahusu watunzi wa mashairi kuliko anavyodhani mwenyewe. Ya pili, katikati ya mabishano hayo palitokea jambo lililomfika mama yangu mzazi, likatutoa kwenye ubishi wa maneno matupu.

Alianza yeye. Mchana alikuwa ameniandikia kwamba angechelewa kurudi kwa kuwa walikuwa na kipindi cha ziada, nami nikamjibu kwa neno moja. Aliporudi alinisalimu, akakaa, akauliza:

"Baba, umenikasirikia?"

"Kwa lipi? Nilikujibu sawa."

"Uliandika sawa na nukta."

"Sentensi huishia kwa nukta, mwanangu."

"Lakini lilikuwa neno moja, Baba, na baada yake hapakuwa na kitu kingine. Nukta ilikuwa inakitenga nini na nini? Mimi nikiiona pale najua mtu amefunga mlango. Sawa bila nukta ni sawa. Sawa yenye nukta ni sawa ya mtu aliyenuna."

"Na nikikuitikia marahaba?"

"Hiyo ndiyo inayotisha zaidi! Nikiandika shikamoo ukajibu marahaba, nafurahi. Ukijibu marahaba ukaibandika nukta, naanza kufikiri nimevunja nini nyumbani."

Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya kundi lake, kwamba wamejitungia sheria wenyewe na sasa wanataka wazee waifuate. Hata hivyo hisia hiyo si yake peke yake, wala si ya vijana wa Kiswahili peke yao. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ambayo jibu lake lilikuwa neno moja la kukubali, mara likiwa na nukta na mara likiwa halina. Mazungumzo hayo yalipoonyeshwa kama ujumbe wa simu, jibu lenye nukta lilionekana kutotoka moyoni kama lile lisilo nayo. Yalipoonyeshwa kama maandishi ya mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikujitokeza. Utafiti ule ulikuwa wa Kiingereza, na sidai kwamba unaihukumu lugha yetu, ila unafundisha jambo moja: nukta ni ileile na neno ni lilelile, bali mahali pamebadilika, na mahali ndipo palipoibadilisha nukta.

Kwa nini mahali paibadilishe? Binti yangu alikuwa ameshajibu bila kujua. Kwenye karatasi maneno hufuatana kama watu kwenye foleni, na nukta ndiyo humwambia msomaji kwamba wazo hili limetimia na jingine linaanza. Kwenye simu kila ujumbe hukaa ndani ya kisanduku chake. Ukingo wa kisanduku ndio mwisho wa wazo, nao huonekana kabla hata msomaji hajasoma neno la kwanza. Nukta ya mwisho inakuta kazi yake imeshafanywa. Na katika mawasiliano ya watu, kitu kisicho na kazi hakikubaliwi kuwa hakina maana. Msomaji hukitafutia maana nyingine. Nukta iliyokosa kutenga mawazo hugeuka kuwa toni ya sauti, na toni yake ni ya mtu aliyekaza uso.

Washairi hawapaswi kulishangaa jambo hili, kwa sababu ushairi wetu wa arudhi umeishi nalo kwa karne nyingi. Tunajuaje kwamba kipande kimekwisha? Si kwa nukta. Tunajua kwa sababu mizani imetimia na kina kimelia. Sikio la mzoefu hupokea kina cha kati na kina cha mwisho kama jicho la kijana linavyopokea ukingo wa kisanduku. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na mnakili aghalabu aliweka alama ndogo ya kukitenga kipande na kipande, basi. Hakuwa na haja ya nukta ya kufunga sentensi. Nukta alizokuwa nazo zilikuwa sehemu ya herufi zenyewe, zile zinazoitofautisha ba na ta, na nuni. Aliyeikosea nukta hiyo alikuwa amelibadilisha neno.

Jioni ya pili nilikuja na herufi kubwa, nikidhani hapo nina ngome.

"Unaniandikia 'baba' kwa herufi ndogo. Hata jina langu unaliandika hivyo hivyo."

"Heshima yako iko kwenye shikamoo, Baba. Nikianza na shikamoo nimekuheshimu. Nikiacha shikamoo, hata nikikuandika kwa herufi kubwa tupu, bado nimekukosea."

Nilitafuta jibu la kumpa, nikakumbuka ile hati niliyoitaja. Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa kabisa. Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake wa mwaka 1728 unahesabiwa miongoni mwa miswada ya kale zaidi ya Kiswahili iliyobaki, na tenzi zote za dini zilizoandikwa kwa hati hiyo, zililiandika jina la Mwenyezi Mungu bila herufi kubwa, na hakuna aliyewahi kuwatuhumu watunzi wake kwamba walikosa uchaji. Herufi kubwa tulizipata tulipochukua hati ya Kilatini pamoja na mazoea yake. Ni desturi nzuri, nami naifuata, lakini hatuwezi kusema kwamba adabu ya Mswahili ilizaliwa siku hiyo.

Nikabadilisha njia. Nikamwambia kwamba Kiswahili kina majina mengi ya watu ambayo pia ni maneno ya kawaida: Neema, Furaha, Baraka, Amani, Zawadi, Subira, Tatu. Bila herufi kubwa, msomaji atajuaje kama anaambiwa habari za mtu au za kitu?

Alifikiri kidogo, akacheka. "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha ngeli. Nikiandika 'neema imefika', ni neema. Nikiandika 'neema amefika', ni mtu. Nikiandika 'nimeona zawadi', ni zawadi. Nikiandika 'nimemwona zawadi', ni mtu. Herufi kubwa inaongeza nini?"

Hoja hiyo ni nzito, na nadhani wapenzi wa sarufi wataifurahia kama nilivyoifurahia mimi. Kiswahili hakitegemei ukubwa wa herufi kumtofautisha mtu na kitu, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Tena ile herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi, ambayo walimu huipigania zaidi, haisaidii lolote hapa. Ukianza sentensi kwa neno Furaha, herufi ya kwanza itakuwa kubwa kwa vyovyote vile, awe mtu au isiwe mtu. Na simu za leo huiweka herufi hiyo zenyewe. Kijana anayeandika kwa herufi ndogo tupu, mara nyingi amekwenda kwenye mipangilio ya simu akaizima huduma hiyo kwa makusudi. Hilo ni chaguo la mtindo, na anayelichukulia kuwa uvivu hajalitazama vizuri.

Lakini ngeli nazo zina mpaka. Nilimwandikia sentensi tatu kwenye karatasi, zote kwa herufi ndogo, nikamwomba anieleze maana zake:

nitakuja na furaha
tumeingia kwa baraka
ameondoka bila amani

Akazisoma mara mbili. Katika ya kwanza, mgeni anakuja akiwa amefurahi, au anakuja na mwenzake aitwaye Furaha na mwenyeji anapaswa kuongeza sahani. Katika ya pili, watu wameingia kwa heri, au wameingia nyumbani kwa Baraka. Katika ya tatu, mtu ameondoka na moyo mzito, au amemwacha Amani nyuma. Mahali pote patatu neno limetanguliwa na kihusishi au kiunganishi, halijashikwa na kitenzi chochote, na kwa hiyo upatanisho hauna pa kujishikiza. Hapo herufi kubwa ndiyo mtumishi pekee aliyebaki.

"Basi niiweke hapo tu," alisema.

"Je, utapakumbuka?"

"Washairi hukumbuka mizani nane kila kipande, Baba. Mimi nitashindwa na jambo moja?"

Tulikuwa tumefika hapo, kwenye ubishi mtamu usiomdhuru mtu, lilipotokea lile jambo la mama yangu.

Mama anaishi nasi. Magoti yanamsumbua, na hospitalini amepewa vidonge vya maumivu ambavyo ni lazima vimezwe baada ya chakula, kwa kuwa dawa za aina hiyo hulikwaruza tumbo lililo tupu. Siku hiyo nilikuwa safarini. Binti yangu alikuwa shuleni hadi jioni, na nyumbani alikuwepo mdogo wangu. Alipotoka darasani na kuichukua simu yake aliyoiacha kwa jirani, binti alimwandikia baba yake mdogo maneno mawili:

bibi amekula

Alikuwa anauliza. Mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza amerejea kutoka kazini, alisoma kwamba anaarifiwa. Aliona kisanduku kimekamilika, kitenzi kiko katika wakati timilifu, na hakuna kinachopungua. Akachukua kidonge na maji, akampa mama. Mama, ambaye hapendi kuwabishia watoto wake katika mambo ya dawa, akameza. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Usiku ule alipata kiungulia na maumivu ya tumbo ambayo hayakumwacha alale, na mpaka kesho yake mchana alikuwa akinywa uji kwa shida. Alipona, tunashukuru. Lakini nyumba nzima ilijua kwamba chanzo chake kilikuwa maneno mawili yaliyosomwa kinyume.

Binti alilia. Sikuona sababu ya kumwongezea maneno, naye mwenyewe ndiye aliyelianzisha tena suala hilo, kwa sauti ya chini, baada ya siku mbili.

"Baba, mbona ningemwambia kwa mdomo angenielewa?"

"Kwa sababu ungeuliza kwa sauti. Sema sasa hivi: Bibi amekula. Haya, sasa uliza. Maneno yamebadilika?"

Alijaribu mara mbili. "Hayajabadilika. Sauti ndiyo imepanda."

Hapo ndipo Kiswahili kinapotofautiana na lugha ambazo vijana wetu huchukua kwao mitindo ya kuandika. Katika Kiingereza, anayeuliza hugeuza mpangilio wa maneno au huongeza kitenzi kisaidizi mbele, na swali huonekana kuwa swali hata likikosa alama. Kwa hiyo kijana wa Kiingereza akiacha alama ya kuuliza, mara nyingi hapotezi kitu. Katika Kiswahili, swali la ndiyo au hapana linaweza kuwa na maneno yaleyale ya taarifa, kwa mpangilio uleule, na tofauti yote ikabebwa na kiimbo. Umefika na Umefika? ni neno moja. Mama amelala na Mama amelala? ni sentensi moja kwa jicho, mbili kwa sikio. Maandishi hayana sikio. Alama ya kuuliza ndiyo kiimbo kilichoandikwa, na ukiiondoa, swali linageuka kuwa ushahidi.

Ndiyo maana nasema kwamba ikiwa mzazi ana nguvu za kupigania alama moja tu katika simu ya mtoto wake, asizimalizie kwenye nukta. Apiganie alama ya kuuliza. Nukta ya mwisho ina mrithi, ambaye ni ukingo wa kisanduku. Herufi kubwa ina mrithi katika sehemu nyingi, ambaye ni upatanisho wa ngeli. Kiulizi hakina mrithi ndani ya sentensi isipokuwa mwandishi amemweka mwenyewe kwa neno.

Na hili la kumweka kwa neno, aliligundua binti yangu, si mimi.

"Baba, ningeandika 'bibi amekula au bado', baba mdogo angeelewa. Hakuna alama hata moja."

Ni kweli. Kiswahili kina akiba ya maneno ya kuuliza ambayo hayahitaji kiimbo: je, au bado, au vipi, eti, nani, lini, wapi. Mwandishi aliyeliweka mojawapo mahali pake amekwisha kuuliza, na alama ikija inakuja kama shahidi wa pili. Nilimwambia kwamba hapo amegusa siri ya watunzi, nikamwandikia vipande viwili avihesabu:

Bibi yangu amekula
Amekula au bado

Kila kimoja kina mizani nane. Cha kwanza kinaweza kuwa taarifa au swali, na karatasi ndiyo itakayoamua kwa alama yake. Sasa kitie kwenye sauti ya kuimba. Shairi la kuimbwa lina mahadhi yake, na mahadhi hayo hupanda na kushuka kwa amri ya wimbo, si kwa amri ya swali. Mwimbaji hawezi kupandisha sauti mwishoni mwa kipande ili aulize, wakati mahadhi yanamtaka ashuke. Hapo alama ya kuuliza iliyo kwenye karatasi haitasikika kamwe, na msikilizaji aliyekaa nyuma atabaki na taarifa. Kipande cha pili hakina hatari hiyo. Ukikiimba kwa mahadhi yoyote, bado kinauliza, kwa sababu swali limo ndani ya maneno yake.

Alama za uandishi hazina mizani. Kwa mtunzi huo ni wepesi na ni mtego pia. Ni wepesi, kwa kuwa alama haimgharimu silabi hata moja, ilhali neno je linamgharimu mizani moja, na katika kipande cha mizani nane mizani moja ni mali. Ni mtego, kwa kuwa kile kisichohesabiwa hakiimbwi, na kisichoimbwa hakifiki. Nimesoma mashairi mengi ya siku hizi ambayo maana yake yote imening'inia kwenye kiulizi au alama ya mshangao iliyowekwa mwishoni. Yakisomwa kimya yanapendeza. Yakisomwa kwa sauti na mtu asiyeyatunga, yanageuka. Mtunzi anayetaka kujipima, na aifute kila alama katika shairi lake, kisha ampe mwenzake alisome. Mahali pote ambapo mwenzake atauliza alikusudia nini, ndipo alama ilipokuwa ikibeba mzigo ambao neno lingeubeba vizuri zaidi.

Nirudi kwenye simu, maana limebaki jambo moja ambalo binti yangu hakulikubali upesi. Ni ile nukta ya katikati. Baada ya mkasa ule nilitaka kumtumia mdogo wangu maagizo ya dawa, na binti akanisaidia kuyaandika kwa mtindo wake:

mpe kidonge akishakula jioni asimeze kingine

"Kinamezwa lini?" nilimuuliza.

"Akishakula."

"Akishakula lini?"

Akanyamaza. Neno jioni limesimama katikati ya vitenzi viwili, na kila kimoja kinaweza kulidai. Ukisoma hivi, kidonge kinatolewa baada ya chakula cha jioni na hakuna kingine. Ukisoma vile, kinatolewa baada ya chakula cha sasa, na jioni hakuna kingine. Viambishi vya Kiswahili ni hodari wa kutuonyesha nani anatenda na nani anatendwa, lakini maneno ya wakati na ya mahali kama jioni, jana, kesho, hapo, nyumbani, hayana kiambishi cha kuyafunga kwenye kitenzi chake. Yakikaa mpakani, mpaka unapotea. Hapa ukingo wa kisanduku hausaidii, kwa kuwa wazo lote limo ndani ya kisanduku kimoja.

"Nitazituma mbili," alisema. "Moja: mpe kidonge akishakula. Ya pili: jioni asimeze kingine."

Ni njia nzuri, nami nawashauri wazazi waielewe kabla ya kuikataa: vijana wengi huvunja ujumbe vipande vipande kwa sababu kila kutuma ni nukta yao. Lakini njia hiyo ina udhaifu wake. Ujumbe wa kwanza unaweza kuchelewa na wa pili ukatangulia. Anayetazama kioo kwa haraka anaweza kuuona wa mwisho tu. Na mtu akiyanakili maneno hayo ili ayapeleke kwa ndugu mwenye simu ndogo ya vitufe, au akimsomea bibi kwa sauti, visanduku havimfuati. Nukta hunakiliwa pamoja na maneno. Ukingo hubaki ulikokuwa. Njia ya tatu ndiyo iliyotupendeza sote wawili, kulihamisha neno lenyewe: mpe kidonge akishakula, asimeze kingine jioni. Neno lilipoondoka mpakani, mabishano yaliisha, na mkato ukawa wa kumpa msomaji pumzi tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kijana anayeiacha nukta mwishoni mwa ujumbe wa neno moja hajaivunja lugha; ameona kwamba kazi imeshafanyika. Mzazi anayeibandika pale ajue kwamba itasomeka kama ukali, hata kama moyo wake ni mweupe. Nukta iliyo kati ya mawazo mawili ndani ya ujumbe mmoja ina kazi, na haina budi kubaki, au neno lihamishwe. Herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi ni desturi ya karatasi, ya insha, ya barua rasmi na ya mtihani, na huko ibaki kwa heshima zake zote. Binti yangu huiweka huko bila kukumbushwa. Herufi kubwa ya jina la mtu baada ya na, kwa na bila ni ulinzi wa maana, popote mtu anapoandika. Na swali la ndiyo au hapana, katika lugha hii yetu, lisiachwe litoke mlangoni bila kiulizi au bila neno la kuuliza, hasa ikiwa jibu lake litafuatwa na kidonge, nauli, au ufunguo wa nyumba.

Wanaoogopa kwamba simu itatuletea kizazi kisichojua kuandika, nawaomba wakae na mtoto mmoja, wachukue ujumbe mmoja, waiulize kila alama iliyoachwa kazi yake ilikuwa ipi na nani anaifanya sasa. Kwangu mimi, somo la ngeli halijapata kueleweka nyumbani kwa darasa lolote kama lilivyoeleweka kwa maneno mawili, neema amefika, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo tupu na mtoto aliyekuwa anataka kunishinda.